Namba ya kiatu cha mtoto: picha ya mchoro wa mguu na rula, au nisubiri karatasi yenyewe?

MamaNeema: Habari zenu. Mwanangu wa miaka 5 yuko Tabora kwa bibi yake, nami nataka kumnunulia viatu vya shule hapa Kariakoo. Bibi amemsimamisha juu ya karatasi ya A4, akachora mguu, akaweka rula pembeni na kunitumia picha. Nitegemee picha, au karatasi ije na basi?

Juma_Mitumba: Miaka 5 ni namba 28. Nauza kila siku.

FundiSoli: Umri haupimi mguu, kaka. Dada, karatasi yenyewe ni bora, kwa sababu unakata ukanda wa urefu unaoutaka na kuuingiza ndani ya kiatu hapo hapo dukani. Lakini picha inafaa kama simu haikuinama. Pima ukingo wa juu na wa chini wa karatasi. Zote mbili ni sm 21, kwa hiyo hata pichani zilingane.

MamaNeema: Nimepima kwenye kompyuta. Juu pikseli 1,510, chini 1,514. Rula kutoka 0 hadi 15 ni 1,080, na mguu 1,240.

FundiSoli: Imenyooka vizuri. 1,080 gawa kwa 15 ni pikseli 72 kwa kila sentimita, basi mguu ni sm 17.2. Ongeza sm 1.2 za nafasi, inakuwa 18.4. Namba za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, hivyo zidisha kwa 1.5. Unapata 27.6, yaani 28.

Juma_Mitumba: Si nilisema!

Zuwena_K: Mwambie bibi asogeze simu karibu kabisa, namba za rula zisomeke.

FundiSoli: Zisomeke ni kweli, ila ukisogea sana kingo za picha hupinda. Ainue simu kama mita moja, kisha avute kwa zumu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni penseli. Ikilala kuelekea chini ya unyayo, mchoro unakuwa mfupi kuliko mguu. Milimita 2 kisigino na 2 vidoleni ni zaidi ya nusu namba, na pichani huwezi kuliona kosa hilo.

BabaMapacha: Wangu mmoja ana mguu mnene juu. Urefu ulikubali, lakini kiatu cha kuchomeka hakikuingia. Tulibadilisha, tukachukua cha kamba.

FundiSoli: Hilo mchoro hauonyeshi kabisa. Chukua cha kamba au cha mkanda.

Zuwena_K: Mimi naacha sm 1.5, watoto wanakua haraka.

FundiSoli: Kwangu nyingi, kisigino kinachomoka akikimbia.

Zuwena_K: Wangu hajawahi kuchomokwa.

MamaNeema: Nimempigia bibi. Anasema penseli aliilaza, na alichora mguu wa kulia tu. Jioni atachora upya yote miwili, penseli ikiwa wima. Nitafuata ulio mrefu.