Fundi betri mnamjua. Leo nimerudi kutoka Mbudya nikivutwa na ngalawa

Wakuu, mikono bado inatetemeka. Boti yangu ya injini imevutwa na ngalawa yenye tanga la viraka, wageni sita wakipiga picha!

Yule fundi wa kofia mnamjua, anayesema "niko njiani" akiwa kitandani. Alinifungia betri mbili, moja ya stata, nyingine ya friji na taa, katikati akaweka aisoleta ili friji isiguse umeme wa stata. Tumetia nanga usiku kucha, tunavua. Alfajiri nageuza ufunguo: tik. Nampigia simu, ananijibu: "Kwani friji mliiwasha ya nini?"

Friji! Niliiwasha ya nini! Nikaushe dagaa humo?

Mzee wa Nanga: Pole, ila nimecheka hiyo ngalawa. Una testa? Betri zinasoma ngapi?

Mwenye uzi: Zote mbili 11.6. Friji mliiwasha ya nini, jamani!

Mzee wa Nanga: Zote sawasawa? Basi relei ya aisoleta imeng'ang'ania. Hiyo huunganisha betri mbili chaji ikifika volti 13.3 hivi na kuzitenganisha volti zikishuka karibu 12.8. Chaji zote mbili, zima injini, subiri nusu saa, kisha washa friji na taa. Ya stata ikiendelea kushuka pamoja na ya pili hadi chini ya 12.5, vidole vya relei vimeungua vikagandana. Inverta umefunga?

Mwenye uzi: Ipo, ya blenda ya juisi.

Mzee wa Nanga: Huenda ndiyo iliyoichoma, kama relei ni ndogo. Sina hakika bila kuifungua.

Kijana wa Umeme: Tupa relei, weka aisoleta ya dayodi. Haina cha kugandana, umemaliza kazi.

Mzee wa Nanga: Haigandani, kweli, lakini dayodi za kawaida hula kama volti 0.7. Altaneta isiposoma volti kwenye betri yenyewe, betri hazijai kila siku mpaka zife. Mwenye uzi, hiyo ya friji ni betri gani?

Mwenye uzi: N70, kama ya stata. Alisema betri ni betri.

Mzee wa Nanga: Hiyo ni ya gari. Sahani zake nyembamba, zinatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache tu. Ukiikausha kila usiku haimalizi msimu. Friji inataka ile ya sahani nene, wanayouza kama betri ya sola.

Mama Wawili: Na mimi ya sola nyumbani inazima saa tatu tamthilia ikinoga. Itakuwa aisoleta?

Kijana wa Umeme: Mama, hiyo imekauka maji. Kama ina vifuniko, fungua uangalie.

Mama Wawili: Kumbe inawekwa maji? Miaka miwili sijawahi!

Dereva Kanta: Fundi wa kofia bado ana jeki yangu.

Mwenye uzi: Turudi kwenye friji.

Mama Wawili: Maji ya bomba yanafaa?