Naomba ushauri: fremu ya miwani ya jua iliyofutika namba, nitajuaje kama inatosha uso?

Habari zenu wakuu. Nina uso mpana, na miwani mingi ya jua hunibana kwenye panja hadi kichwa kinauma. Nimepata fremu nzuri ya plastiki nzito kwa muuza mitumba, lakini namba za ndani ya mkono zimefutika. Imebaki 140 tu, ambayo najua ni urefu wa mkono, haisemi chochote kuhusu upana.

Nimeipima kwa rula. Kila lenzi ina upana wa mm 54 na daraja la pua ni mm 16. Miwani yangu ya zamani, inayonikaa vizuri sana, ina 54 na 18, kwa hiyo nilitarajia zikaribiane. Ila nilipopima sehemu ya mbele yote, ncha hadi ncha, ya zamani ni mm 142 na hii ni mm 134. Tofauti kubwa iko pembeni, pale bawaba zinaposhikia. Nikiivaa, mikono inatanuka kwa nje na kuacha alama juu ya masikio.

Uso wangu, panja hadi panja, ni kama mm 144.

Maswali yangu: kwa mliozoea fremu, upana wa mbele ukipungua kiasi gani chini ya upana wa uso bado inavalika kutwa? Na je, fundi akiipasha moto mikono na kuitanua, hiyo mm 8 itafidiwa, au bawaba zitalegea tu? Muuzaji ananishikia hadi Jumamosi.