Mrejesho: stika za sura yangu

Niliuliza: nifanyeje sura ibaki ileile kwenye stika zote, wakati nina selfi moja tu?

Wakuu, imekubali. Kwanza, kwa programu ya akili bandia ya kuchora picha, niligeuza selfi hiyo kuwa katuni moja, uso umetulia, mdomo umefungwa. Kicheko, hasira na kilio vyote nilivianzishia kwenye katuni hiyo, si kwenye stika iliyotangulia, maana kasoro ndogo hurithiwa mpaka pua inakuwa ya jirani. Maelekezo niliyoipa programu: badili nyusi, macho na mdomo, usiguse pua, nywele wala kipini.

Kicheko cha meno ndicho kilisumbua. Selfi haikuonyesha meno, basi programu ikabuni yake, yamepangana kama ya tangazo! Mwanya nikauchora mwenyewe. Wateja wangu wa zabibu hapa Dodoma wameutambua huo kabla ya kitu kingine.