Feni za redieta: CFM 75 au presha 2.2?

kijana_wa_gemu: Wakuu, kesho naenda Kariakoo kuchukua feni mbili za redieta ya kompyuta. Boksi la kwanza limeandikwa CFM 75 na mmH2O 1.2. La pili ni CFM 56 na mmH2O 2.2. Bei ni ileile. Nachukua lile lenye upepo mwingi, au vipi?

fundi_mapezi: Redieta ni saizi gani, unene wake je, na inakaa wapi? Kuna chujio mbele yake?

upepo_tu: Chukua ya 140, mjadala ufungwe. Feni kubwa inazunguka taratibu, kelele hakuna.

kijana_wa_gemu: Samahani. Ni 240, unene milimita 27, inakaa mbele ya keisi, na chujio la vumbi lipo.

fundi_mapezi: Basi 140 haiingii. Matundu ya skrubu ya feni ya 120 yanaachana milimita 105, ya 140 yanaachana 124.5. Ukiweka adapta, upepo unatorokea pembeni badala ya kupita kwenye mapezi. Upepo_tu angekuwa sahihi kama redieta ingekuwa 280.

Sasa namba zako. Hiyo 75 imepimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote mbele wala nyuma. Hiyo 1.2 imepimwa njia ikiwa imezibwa kabisa, hakuna upepo unaopita. Feni yako itafanya kazi katikati ya hayo mawili. Kwenye chujio na mapezi pamoja, ile ya kwanza inaporomoka haraka. Chukua ya 2.2.

dada_wa_laptop: Na laptop yangu inayochemka, nayo nitafute presha?

fundi_mapezi: Hiyo fungua uzi wake, dada.

gololi_forever: Mnasahau beringi! Za bushi ni takataka. Chukua za gololi.

mama_keisi: Si takataka kila mahali. Feni ikisimama wima mbele ya keisi, bushi inavumilia. Ikilazwa juu ya keisi, mafuta yanatoka polepole na tundu la shafti linalika. Dalili huanza asubuhi: unawasha, inakwaruza dakika mbili, ikipata joto inanyamaza. Watu wanadhani imepona. Baadaye inaanza kusita kuwaka, mwisho inagoma. Gololi zinastahimili joto, ila zina mvumo usiku. Boksi likisema FDB, mimi ningechukua hiyo.

gololi_forever: Boksi linasema chochote. Nusu ya hizo FDB za bei rahisi ni bushi iliyobadilishwa jina.

mama_keisi: Hapo sibishi.

fundi_mapezi: Kijana, ukishafunga, endesha gemu nusu saa, maana maji yanachelewa kupata joto. Andika joto la prosesa. Ng'oa chujio, rudia kwa kasi ileile ya feni. Likishuka digrii 5 au zaidi, tatizo ni chujio, si feni.

upepo_tu: Ndiyo maana mimi natumia soksi ya nailoni badala ya chujio.

mama_keisi: Soksi ikijaa vumbi inaziba vilevile. Unaifua kila baada ya muda gani?

upepo_tu: Kuifua tena?