Brandi imeanza kuuzwa 2011 lakini cheti cha kampuni mama kinasema 2019, nieleze vipi?

Mpakarangi: Wakuu habari za saa hizi. Naombeni ushauri maana niko njia panda. Nashughulika na masoko kwenye kampuni ya rangi za nyumba. Makopo yetu yameandikwa "Tangu 2011", na wasifu tulioutuma kwenye tenda unasema "kampuni ilianzishwa 2011". Sasa wale wa tenda wamekuta cheti cha usajili wa kampuni mama ni cha 2019, wametupa siku tatu tutoe maelezo. Bosi anaapa 2011 ni kweli, alianza kuuza mwenyewe kwa jina la biashara, 2014 akafungua kampuni, halafu 2019 ndo ikaja kampuni mama inayomiliki ile ya 2014. Hivi tumedanganya au?

Kidagaa: Mkuu hapo kuna shida. Kampuni inazaliwa kwanza, ndo brandi inafuata, huwezi kuuza kitu kabla kampuni haipo. Wekeni 2019 yaishe.

MzeeWaMafaili: Kidagaa uko sahihi nusu. Mara nyingi kampuni inatangulia, Toyota ipo tangu 1937 na Lexus imekuja sokoni 1989, miaka hamsini na ushee katikati. Ila kinyume chake kipo sana tu. Coca-Cola ilianza kuuzwa 1886, kampuni ikasajiliwa 1892 kule Georgia, na hii kampuni ya sasa ni usajili mwingine kabisa wa Delaware, 1919. Google nayo ilisajiliwa 1998 wakati mama yake Alphabet kaja 2015, mtoto kamzidi mama miaka 17. Mtu akianza kuuza kama mtu binafsi au kwa ubia brandi inakua bila kampuni, biashara ikinenepa wanasajili ili kutenganisha madeni na mali zao au kuingiza wenye hisa, na kampuni mama inakuja mwisho kabisa kushika hisa za zile zilizopo.

Mpakarangi, kosa lenu liko kwenye neno moja, "kampuni". Kilichoanza 2011 ni brandi. Chukua mfano wa Nike, 1964 ni ubia wa watu wawili unaitwa Blue Ribbon Sports wakiuza viatu vya Kijapani, usajili wa kampuni ni 1967, jina Nike na ile alama yake vikaja 1971, kampuni yenyewe kubadili jina ni baadaye tena. Ukiuliza Nike ilianza lini unapata majibu matatu na hakuna la uongo, kila moja linajibu swali lake.

Bintihesabu: Sisi ilikuwa kinyume, tulinunua kampuni iliyokuwa imelala tukaibadili jina, cheti cha kubadili jina kina tarehe mpya watu wakadhani ndo tumezaliwa siku ile. Kumbe namba ya usajili haibadiliki, ukikuta namba ni ileile jua ni kampuni ileile. Mpakarangi na nyie si mtumie tu cheti cha kubadili jina?

Mpakarangi: Hapana dada, sisi hatukubadili jina, ni kampuni mbili zenye namba mbili tofauti.

MzeeWaMafaili: Basi ndo uangalie hapo. Nani ameomba tenda? Kama ni mama wa 2019, uzoefu wa ile ya 2014 hauhesabiwi kwake hivihivi, hao ni watu wawili kisheria, mpaka masharti ya tenda yaruhusu. Na wakitaka hesabu zilizokaguliwa za mama, hazipo za kabla ya 2019. Andikeni barua fupi: brandi imeuzwa tangu 2011 na mmiliki kwa jina la biashara, kampuni tanzu imesajiliwa 2014, kampuni mama 2019. Ambatisheni cheti cha jina la biashara, vyeti viwili vya kampuni, na ankara mbili tatu za 2011 zenye jina la rangi.

Halafu kuna kitu watu wanasahau: alama ya biashara imesajiliwa kwa jina la nani? Kama bado ni ya bosi binafsi na hakuna mkataba wa kuihamishia kampuni, mnyororo umekatika, wakiuliza mtakwama.

Mpakarangi: Duh. Nimefungua faili sasa hivi, alama ni ya bosi, imeombwa 2013, na mkataba wa kuhamisha sijauona. Ankara za 2011 zipo mbili.

MzeeWaMafaili: Ankara zinatosha kuonyesha mmeanza lini kuuza, 2013 ni tarehe ya kuomba ulinzi tu. Ila huo mkataba msije mkauandika leo mkaurudisha tarehe nyuma, hiyo ni kughushi. Andikeni wenye tarehe ya leo, na kwenye barua mseme wazi mpaka sasa alama ilikuwa ya mwanzilishi.

Kidagaa: Nimeelewa, nafuta lile la mwanzo. Ila kwenye makopo mimi bado ningetoa "Tangu 2011", mteja anasoma anadhani ni kampuni.

Bintihesabu: Kwa nini atoe? Kopo linataja rangi, halitaji kampuni.

Mpakarangi: Hilo la makopo nitamuuliza mwanasheria. Barua naianza usiku huu.