Gari la taka Manzese: liingie vichochoroni au lisimame lami?

Mkazi wa Manzese: Mtaani kwetu tunabishana. Wengine wanataka gari la taka lipite kila kichochoro, wengine wanasema lisimame lami, guta zilipelekee. Nyie mnaonaje?

Mama Shufaa: Liingie. Nyumba yangu ni ya mwisho kwenye kichochoro kisichotokea, na ada nalipa sawa na aliye barabarani. Kijana wa guta akishachoka hafiki kwangu. Wiki iliyopita mifuko ilikaa siku nne, funza wakawa wanapanda ukutani jikoni. Mvua ikinyesha, kuna majirani wanazimwaga mtaroni.

Kijana wa Ramani: Tatizo ni madereva kuzunguka ovyo. Fungeni jipiesi, ramani ya simu ichague njia fupi. Mafuta yatapungua, na muda utabaki wa kumfikia kila mtu.

Mpanga Ruti: Nimepanga ruti za magari ya taka miaka tisa, na kwenye jipiesi nakubaliana na wewe nusu. Inakuonyesha gari lilisimama wapi na kwa muda gani, hilo ni la maana sana. Lakini ramani ya simu haijui kwamba kichochoro kina nguzo ya umeme katikati, au mfuniko wa mtaro usiobeba Fuso lenye mzigo. Haijui pia kwamba njia iliyo wazi saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa tatu ina meza za mama lishe pande zote mbili. Sisi tulikuwa tunatembea na fito ya mita 3 tumeishika kwa upana. Inapogota ukutani, hapo gari haliingii. Tulikuwa tunapita mara mbili, alfajiri na saa nne, na majibu hayakuwahi kufanana.

Halafu saa zinaliwa kwingine kabisa. Chukua Fuso la tani 7 linaloanza saa kumi na mbili asubuhi. Likizunguka vichochoroni linajaa saa nne. Kutoka hapo Ubungo, Mandela, Tazara, Gongo la Mboto hadi dampo la Pugu Kinyamwezi, kumwaga na kurudi, hesabu saa tatu siku njema. Limerudi saa saba. Mzigo wa pili ukijaa ni saa kumi na moja jioni, linakwenda kuingia kwenye foleni. Likisimama lami na kupakia kwa saa moja na nusu, saa tisa linakuwa limeshamwaga mara mbili, na safari ya tatu bado inawezekana.

Dereva wa Fuso: Kweli tupu. Kichochoro kisichotokea unaingia kwa rivasi, utingo yuko nyuma anafukuza watoto. Mita 80 zinakula dakika kumi. Kuna siku nilivunja mfuniko wa mtaro, tairi likazama, tukalala na mzigo hapohapo.

Babu wa Tabata: Dampo lirudishwe mjini basi, mbona Pugu ni mbali hivyo?

Mpanga Ruti: Mzee wangu, shikamoo. Hapo Tabata palikuwa na dampo, na wakazi walilipeleka Jiji mahakamani wakashinda. Sidhani kuna mtaa utakaokubali tena.

Mvuta Guta: Mnatupangia bila kutuhesabu. Guta langu linabeba kama kilo 300. Tani 7 ni safari 23 au 24. Mtu mmoja anaweza nne kwa asubuhi, kwa hiyo mnahitaji guta sita, na njia isizidi mita 400, tena isiwe mchanga. Anayeishi mbali kama Mama Shufaa anarukwa kwa sababu tunalipwa kwa safari, na safari yake inakula muda wa mbili.

Mpanga Ruti: Hapo umenifundisha kitu. Mimi ningeanza na nyumba za mwisho, guta likitoka ndani kuja nje, siyo kinyume. Na taka zisimwagwe chini kwenye kizimba, maana mtazizoa mara mbili kwa reke na makapu, na saa mlizookoa zinapotea. Guta lipakie moja kwa moja kwenye Fuso, kituo kimoja saa kumi na mbili, kingine saa moja kasoro robo. Gari likichelewa nusu saa, guta zinajipanga zimejaa, na safari zinazofuata zinakwama zote.

Mama Shufaa: Wakianza na kwangu nakubali guta. Lakini nani atamlipa huyo kijana? Ada tunayotoa inaishia kwa mwenye gari.

Mvuta Guta: Tulipwe kwa nyumba, siyo kwa safari.

Dereva wa Fuso: Mwenye gari atakataa, fedha hiyo itatoka kwake.

Mkazi wa Manzese: Kikao cha mtaa ni Jumapili. Nakwenda na fito ya mita 3, na hili la malipo nitalitaja la kwanza.