Akaunti inamtukana mdogo wangu kila siku, halafu anayefungiwa kuripoti ni mimi!

Wakuu, nina hasira na sijui niitoe wapi.

Mdogo wangu anauza mitumba ya watoto pale Mwanjelwa, na wateja wake wengi anawapata Facebook. Kuna akaunti isiyo na sura inavamia kila tangazo lake. Akiweka magauni, inaandika chini yake kwamba ni nguo za maiti. Juzi imeweka picha yake akiwa kanisani pamoja na namba yake ya simu, eti anajiuza. Wanaume wanampigia hadi usiku wa manane. Binti analia, simu kaizima, biashara imesimama.

Nikakaa kuripoti maoni moja baada ya jingine, maana ndivyo mtandao wenyewe unavyotaka: uguse vidoti vitatu kwenye kila andiko. Katikati ya kazi likatokea bango: `You can't use this feature right now`. Maelezo yake ni kwamba wanabana jambo likirudiwa mara nyingi kwa muda mfupi, ili kuwalinda watu dhidi ya usumbufu. Usumbufu gani jamani? Anayetukana anaandika atakavyo, anayelalamika ndiye anafungwa mdomo!

Nimeingia `Support Inbox` kuona ripoti zimefikia wapi. Zile za mwanzo zipo, mbili wamejibu kwamba hawakuona kosa. Ile ya picha yenye namba ya simu, ambayo ndiyo inaumiza kuliko zote, haimo kabisa. Haijakubaliwa wala kukataliwa. Nifanyeje?

Mama Parachichi, Njombe
Pole sana mwanangu. Hiyo namba itume 15040, mimi nilifanya hivyo kwa yule wa "tuma kwenye namba hii".

Mwenye uzi
Asante mama, ila huyu si tapeli wa simu. Namba iliyowekwa ni ya mdogo wangu mwenyewe.

Kijana wa Soweto
Mkuu weka linki hapa, tukiripoti watu mia inajifunga yenyewe saa hiyo hiyo.

Fundi Simu Iringa
Kijana, usimpoteze. Wingi wa ripoti hauifungi akaunti, wanaangalia kama kilichoandikwa kinavunja kanuni zao. Na linki ikiwekwa hapa, picha ya binti inapata watazamaji wapya.

Kaka, kizuizi kiko kwenye akaunti yako wewe, na kwa kawaida ni cha muda. Ripoti uliyoituma ukiwa umebanwa haikuingia, ndiyo maana huioni kwenye `Support Inbox`. Kisichoonekana humo chukulia hakijafika, usikae kusubiri majibu yake.

Tafuta ndugu mmoja ambaye akaunti yake haijabanwa. Aanze na ile picha yenye namba, kisha aripoti ukurasa wa mtu mwenyewe kama mnyanyasaji. "Nguo za maiti" ikisomwa peke yake inaonekana mzaha wa sokoni, ndiyo maana wamekujibu hawaoni kosa. Kwenye ukurasa wake wanaweza kuona anavyomwandama mtu mmoja. Ila ujue majibu yatakwenda kwenye `Support Inbox` ya huyo ndugu, wewe hutayaona, kwa hiyo awe mtu wa kukupa taarifa. Zile mbili zilizokataliwa zifungue, ukikuta kitufe cha kuomba zikaguliwe upya, kiguse. Si kila mara kinakuwepo.

Na mdogo wako asimbloku bado. Akimbloku hataweza kuufungua ule ukurasa. Kwanza mpige picha za skrini na kunakili linki ya akaunti, maana jina linabadilishwa dakika yoyote.

Mwenye uzi
Kumbe! Kashambloku jana usiku kwa uchungu. Linki ninayo mimi.

Fundi Simu Iringa
Basi itunze. Chapisha na zile picha za skrini, mwende naye polisi mkafungue jalada, mpewe RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inagusa unyanyasaji wa namna hii. Mtandao unaweza kuifuta akaunti bila kukwambia ni ya nani. Anayeweza kumtafuta mwenyewe ni polisi.

Mwl. Rungwe
Nilikwenda polisi kwa jambo la hivi, nikaulizwa "unamhisi nani?" Sikuwa na jina, jalada likalala.

Mwenye uzi
Mwalimu, hilo ndilo ninaloliogopa, lakini kesho asubuhi tunakwenda naye hivyo hivyo. Binamu yangu wa Makambako ameripoti picha na ukurasa, kwake zote zimeingia na zinasoma zinakaguliwa. Kwangu bango lile lile bado. Na picha bado iko hewani muda huu ninaoandika, kuna mtu ametoka kumpigia tena. Kuna aliyewahi kuona ripoti ya picha yenye namba ya mtu inachukua muda gani?